Picha ya desktop inakatwa vichwa au watu wananenepa? Soma hapa

Wenye Windows, kabla hujailaumu picha nenda Settings > Personalization > Background, hapo kwenye "Choose a fit" ndo kuna kila kitu. Chukua picha ya simu ya 4000 kwa 3000, skrini yako ni 1920 kwa 1080. Maumbo hayafanani, picha ni ndefu zaidi kwenda juu, so lazima kitu kipotee mahali.

Fill inaijaza skrini bila kuharibu umbo, picha inashuka mpaka 1920 kwa 1440 halafu zile pikseli 360 za ziada zinakatwa juu na chini, ndo maana vichwa vinapotea. Fit haikati kitu ila inabaki 1440 kwa 1080, unapata mistari mitupu ya pikseli 240 kila upande. Stretch inavuta tu kwa nguvu, sura zinapanuka kama theluthi moja, kwa picha ya watu usiiguse kabisa. Center haibadilishi saizi, kwa picha kubwa hivi utaona kipande cha katikati tu, na Tile ni ya vipicha vidogo vya kurudiarudia. Span ni ya wenye monita mbili, picha moja inapita zote.

Mi nakushauri ukate mwenyewe kwanza kwenye Photos, chagua 16:9, itabaki 4000 kwa 2250 na vichwa umeviacha wewe, halafu weka Fill.