Excel: 500 ionekane 500 na 1,293.10 ibaki na senti zake, kolamu moja

Hii kitu nimeiona kwa sheet nyingi sana za maduka. Mtu anataka hesabu iliyo kamili ionekane bila .00 kwa sababu ukurasa mzima umejaa masifuri hadi macho yanachoka, lakini palipo na senti anataka ziwe mbili, si moja wala si tatu. Anajaribu fomati hii na ile, mwisho anaingia seli moja moja kwa mkono, na wiki ijayo bei zikibadilika kila kitu kinaharibika tena. Nitaonyesha vile mimi hufanya, kwa mfano wa hadiwea ya hapa Kenya inayouza bei ikiwa na VAT 16% ndani.

Bei ya rafuni iko kolamu B, na bei kabla ya VAT inatafutwa kolamu C kwa kugawanya na 1.16. Vitu ni vinne: kufuli 580, rangi 1,500, sinki 2,320, msumeno 750. Ukigawanya, kufuli inatoka 500 kamili na sinki 2,000 kamili, lakini rangi ni 1,293.103448 na bado inaendelea, msumeno nao ni 646.551724. Tunachotaka kuona ni hiki:

```
  500
1,293.10
2,000
  646.55
```

Mkato unaokuja kwanza akilini mwa kila mtu ni fomati hii:

```
#,##0.##
```

Mantiki yake inaonekana sawa, alama ya # maana yake onyesha tarakimu kama ipo, kama haipo acha. Shida ni kwamba nukta yenyewe haina "kama ipo", ukishaiandika kwenye fomati inatoka tu. Kwa hiyo 500 inakuwa `500.` na nukta inaning'inia pale mwisho, na rangi inakuwa `1,293.1` kwa sababu ile sifuri ya mwisho imeliwa, sasa mteja anajiuliza hiyo ni senti 1 au senti 10. Zile fomati zenye masharti kwenye mabano ya mraba, kama `[>1000]`, nazo hazisaidii hapa kwa sababu zinaweza tu kulinganisha na namba uliyoitaja, haziwezi kuuliza "je hii namba ni kamili?". Ndo maana kazi hii lazima tuipeleke Conditional Formatting, pale unaweza kuweka fomula, na kuanzia Excel 2007 inaruhusu kubadilisha fomati ya namba si rangi peke yake.

Hatua ya 1: raundi hesabu yenyewe kwanza

Usiruke hii. Kwenye C2 andika:

```
=ROUND(B2/1.16,2)
```

halafu vuta hadi chini. Fomati inabadilisha sura tu, ndani ya seli ile 1,293.103448 bado iko vilevile, na ukijumlisha mistari mia mbili ya namna hiyo jumla itatofautiana kwa senti kadhaa na ile mtu atapata akijumlisha kwa kalkuleta kutoka kwenye karatasi aliyoprinti. Na akiona tofauti ya senti tatu hatakuamini tena hata kama makosa si yako. Ukiraundi, kinachoonekana na kilichomo ni kitu kimoja. Kwa mfano wetu C inajumlika 4,439.65, VAT kolamu D (`=B2-C2`) inajumlika 710.35, na zote pamoja ni 5,150 ambayo ndo jumla ya bei za rafuni.

Hatua ya 2: fomati ya msingi iwe na senti mbili

Chagua C2 hadi mwisho wa data pamoja na seli ya jumla, tuseme C2:C201. Anzia juu, yaani kliki C2 kwanza ndo uvute kushuka, sababu yake utaiona hatua ya 4. Bonyeza Ctrl+1, ingia Number, halafu Custom, pale kwa Type uandike:

```
#,##0.00
```

Sasa kila kitu kina .00 na ndivyo tunavyotaka kwa sasa. Mimi huifanya hii kuwa msingi makusudi, kwa sababu kanuni ikikosa kufanya kazi siku moja basi utaona sifuri za ziada tu. Ukigeuza, msingi ukawa bila desimali halafu kanuni ndo iongeze senti, siku ikifeli senti zinapotea kimyakimya na hakuna atakayejua.

Hatua ya 3: kanuni ya namba kamili

Ukiwa bado umechagua C2:C201, nenda Home, Conditional Formatting, New Rule, halafu ile ya mwisho, Use a formula to determine which cells to format. Andika:

```
=ROUND(C2,2)=ROUND(C2,0)
```

Maana yake: ukiiraundi kwa senti mbili na ukiiraundi bila senti, ni namba ileile? Kama ndiyo, basi haina senti za kuonyesha. Kama kompyuta yako imesetiwa kwa mtindo wa Kifaransa, kama nyingi za Kongo na Burundi, weka nukta mkato mahali pa koma kwenye fomula, na ile 1.16 ya hatua ya 1 iandike 1,16.

Wengi hutumia `=MOD(C2,1)=0` na mara nyingi inafanya kazi, lakini mimi niliiacha. Fikiria bei ya kipande imeandikwa 333.333 na mtu amenunua vipande 3, hesabu ni 999.999. MOD inasema hiyo si namba kamili, ambayo ni kweli, kwa hiyo fomati ya msingi inabaki na unaona `1,000.00` peke yake katikati ya kolamu ambayo zingine zote zilizo kamili hazina masifuri. Utaitazama hiyo seli dakika kumi usielewe kwa nini imekataa. Fomula ya ROUND inaangalia kile jicho litakachoona, si kilichofichwa nyuma, kwa hiyo inaipa `1,000`. Kitu kilekile hutokea kwa vile vipande vidogo sana ambavyo kompyuta huviacha ikitoa na kujumlisha desimali, ambavyo hata hujaviandika wewe, na kolamu D yetu ya `=B2-C2` ni mahali pazuri sana pa kuvipata.

Kabla hujabonyeza OK, bonyeza Format, ingia Number, Custom, uandike:

```
#,##0_._0_0
```

Hapa ndo penye utamu wenyewe. Ukiandika `#,##0` tupu itafanya kazi, lakini namba kamili zitasukumwa hadi ukingo wa kulia na 500 itakaa chini ya zile senti za jirani yake, jicho likipita haraka linasoma vibaya ni mamia au ni maelfu. Ile mistari ya chini inaiambia Excel "acha nafasi yenye upana wa alama inayofuata", kwa hiyo `_.` ni nafasi ya nukta na `_0_0` ni nafasi za sifuri mbili. Matokeo yake 500 inasimama pale ambapo mamoja, makumi na mamia ya wenzake yanasimama, na pale pa senti panabaki wazi. Kolamu lazima iwe imelala kulia, ukiiweka katikati faida yote inapotea.

Hatua ya 4: hakikisha kanuni inasoma seli yake yenyewe

Makosa mawili hutokea hapa na yote mawili yanaficha senti, kwa hiyo angalia vizuri.

La kwanza ni alama ya dola. Ukikliki seli kwa maus badala ya kuandika, Excel inaweka `$C$2` yenyewe, na hiyo inamaanisha mistari yote inafuata jibu la C2. Kwa mfano wetu C2 ni 500, ni kamili, basi kolamu nzima inapoteza senti: rangi inakuwa 1,293 na msumeno 647. Ndiyo, 647, kwa sababu fomati isiyo na desimali hairuki senti, inaraundi kile inachoonyesha. Toa dola, ibaki `C2`.

La pili ni kuchagua kuanzia kwenye kichwa, C1, huku fomula inasema C2. Hapo kila seli inasoma jibu la ile iliyo chini yake. Dalili yake ni rahisi kuitambua ukiijua: 500 inaonekana `500.00` kwa sababu chini yake kuna senti, halafu 1,293.10 inaonekana `1,293` kwa sababu chini yake kuna 2,000, yaani kila kitu kimegeuka kinyume. Msumeno ukiwa wa mwisho na chini yake ni seli tupu, tupu inahesabiwa sifuri, sifuri ni kamili, unapata 647 tena. Ingia Conditional Formatting, Manage Rules, ufute kanuni na uirudie ukiwa umechagua kuanzia C2.

Kuwa na uhakika, weka fomula ileile ya kanuni kwenye kolamu tupu pembeni, uivute chini. Palipo TRUE pasiwe na senti, palipo FALSE ziwepo mbili. Ukimaliza kuangalia ifute.

Kitu kimoja zaidi cha siku za mbele. Mtu akikopi seli kutoka sheet nyingine na kubandika kawaida, anabandika na fomati na kanuni za kule, na ile C2:C201 yako inakatikakatika vipande. Waambie wabandike kwa Paste Special, Values. Na namba ikikaa kushoto ilhali hukuiweka kushoto, hiyo si namba ni maandishi, labda imetoka kwenye statement ya PDF, na hakuna fomati itakayoigusa hadi uibadilishe iwe namba.

Ukitumia Google Sheets

Kule Conditional Formatting inabadilisha rangi, unene wa herufi na vitu kama hivyo, fomati ya namba haigusi. Kwa hiyo acha C ikiwa namba ya kawaida, na uongeze kolamu ya kuonyesha tu:

```
=TEXT(C2,IF(ROUND(C2,2)=ROUND(C2,0),"#,##0","#,##0.00"))
```

Ilaze kulia halafu ufiche C. Ila jua kwamba TEXT inatoa maandishi, na SUM ikipewa hiyo kolamu itakujibu 0, kwa hiyo jumla yako iendelee kusoma C iliyofichwa, kisha jumla yenyewe ndo uipitishe kwenye TEXT. Na ule ujanja wa kuacha nafasi ya senti usiutegemee hapa ndani ya TEXT, 500 itasimama ukingoni kabisa. Ikiwa hiyo kolamu itasomwa na mtu wa kulinganisha na statement ya benki, mimi kwa Google Sheets huacha .00 zote zilivyo.