Betri iliyobadilishwa tarehe: ikague kwa picha kabla hujatuma pesa

Nina kibanda cha umeme wa magari Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kuanzia mwezi wa tano baridi inapoanza kung'ata, simu yangu hujaa picha za betri kutoka Makambako, Njombe na Mafinga. Gari lililokuwa likiwaka bila shida mwezi wa tatu linagoma saa kumi na mbili asubuhi, mwenye gari anakimbilia dukani, anaoneshwa betri yenye tarehe ya karibuni, naye ananitumia picha: "Fundi, hii ni mpya kweli?"

Hapa nitaeleza ninavyozisoma hizo picha. Nitatumia betri moja, N70 ya Hilux ya kubebea parachichi, ambayo kijana wa Makambako alitaka kuinunua mwezi wa sita 2025. Tarehe iliyogongwa juu ya kifuniko ilikuwa L4. Kampuni ile huandika mwezi kwa herufi, A ikiwa Januari na L Desemba, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Kwa hiyo L4 ni Desemba 2024, betri ya miezi sita. Si kila kampuni inaandika hivi. Nyingine huruka herufi I isichanganywe na 1, na nyingine huandika siku, mwezi na mwaka kwa tarakimu tupu. Ujue kwanza mtindo wa betri iliyo mbele yako.

Hatua ya 1: Omba picha zinazosema kitu

Picha ya kwanza niliyotumiwa ilipigwa kwa flashi, kutoka juu, betri nzima. Hiyo haifai. Flashi ikipiga moja kwa moja hufuta mabonde na vilima vyote vya plastiki, na ujanja wa tarehe umejificha humo humo.

Nilimwambia azime flashi, amwombe mtu amshikie tochi ya simu nyingine ubavuni mwa betri, chini kabisa, mwanga upite ukilala juu ya kifuniko. Apige tarehe kwa karibu mara mbili: tochi ikiwa kushoto, kisha ikiwa mbele. Kisha kila kichwa cha betri kwa pande zote, lebo kwa mbele na kwa nyuma, na kasha kwa chini. Halafu azitume kama dokumenti, maana WhatsApp ikizituma kama picha za kawaida huzibana, na mikwaruzo midogo inapotea.

Picha ya chini ndiyo inayowashinda wengi. Usiipindue betri yenye asidi. Iweke ikiwa wima juu ya matofali mawili yaliyoachana, telezesha simu chini yake kamera ikitazama juu, weka saa ya kujipigia, basi. N70 ina uzito wa zaidi ya kilo 15, kwa hiyo muuzaji na mnunuzi wainyanyue pamoja. Muuzaji akikataa betri isinyanyuliwe, hilo nalo nimeliandika kichwani.

Hatua ya 2: Anza na kasha, si na tarehe

Watu wote huanza kwenye tarehe iliyogongwa. Mimi naanza chini, kwa sababu tarehe hugongwa kiwandani betri ikishaundwa, lakini kasha lilizaliwa na tarehe yake kabla ya hapo. Kasha ni plastiki ya polipropilini iliyomiminwa ya moto ndani ya kalibu, na kalibu nyingi zina kijiduara kidogo kama uso wa saa: pembeni namba 1 hadi 12, katikati mshale, na ubavuni mwa mshale tarakimu mbili za mwaka. Mshale unaonesha mwezi. Alama hii inatoka ikiwa imeinuka au imezama pamoja na plastiki yenyewe, na mtu wa dukani haigusi, mara nyingi kwa sababu hajui kama ipo.

Kanuni ni fupi. Kasha haliwezi kuwa dogo kwa umri kuliko betri. Likiwa limetangulia kwa wiki kadhaa au miezi michache, sawa, makasha hukaa stoo kabla ya kujazwa bamba. Fundi wa kalibu anaweza pia kusahau kuuzungusha mshale mwezi ukibadilika, kwa hiyo tofauti ya mwezi mmoja au miwili sipigi nayo kelele. Pengo la mwaka na zaidi ndilo linaloniamsha.

Kwenye betri ya Makambako kijiduara kilisomeka 22, mshale kwenye 9. Septemba 2022. Kati ya hapo na Desemba 2024 kuna miezi 27. Hapo nikajua nina la kutafuta kule juu.

Baadhi ya makasha hayana kijiduara hiki, au kimefichwa ndani ya kifuniko. Usimtuhumu mtu kwa kukikosa.

Hatua ya 3: Tarehe yenyewe chini ya mwanga wa kulala

Tarehe ya kugongwa kwa chuma cha moto huingia kwa mkupuo mmoja. Herufi na tarakimu zote zina kina kimoja, zimekaa kwenye mstari mmoja, na kila moja ina kimdomo chembamba cha plastiki iliyosukumwa pembeni. Kifuniko chenyewe kina vinyweleo, vile vishimo vidogo vidogo kama vya ngozi ya chungwa vilivyoachwa na kalibu.

Anayebadilisha ana njia mbili. Ama anasugua tarakimu kwa msasa, ama anaiyeyusha kwa pasi ya kulehemu na kuandika nyingine. Msasa huacha ukungu wa kijivu juu ya plastiki nyeusi, naye huuficha kwa kupaka mafuta. Mwombe mnunuzi afute sehemu hiyo kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kisha apige tena: mafuta yakitoka, ukungu unarudi. Moto hufanya kinyume chake. Huua vinyweleo, na sehemu hiyo inang'aa kuliko jirani zake, ikiwa imezama kidogo kama kisahani.

Kwenye L4 yetu, herufi L ilikuwa safi kabisa, kimdomo chake kimekamilika. Tarakimu 4 ilikaa ndani ya kisahani cha kung'aa, miguu yake minene kuliko ya L, na ilishuka chini ya mstari kwa unene wa kucha. Tochi ilipotoka kushoto, kivuli cha kisahani kilionekana waziwazi, na ilipotoka mbele kikakaribia kutoweka. Ndiyo maana naomba picha mbili.

Kama tarehe imechapwa kwa wino badala ya kugongwa, hatua hii haina nguvu sana. Wino hufutika kwa tina na kuchapwa upya bila kuacha kidonda. Hapo tegemea kasha na hatua mbili zinazofuata.

Hatua ya 4: Vichwa vitakwambia kama ilishavaa gari

Vichwa vya betri ni vya risasi, madini laini yenye kumbukumbu. Kibanio cha waya kikikazwa kwenye kichwa, huacha mkanda unaozunguka, na chini yake, pale kibanio kisipofika, hubaki ukingo wa rangi tofauti. Mtu akitaka kuufuta husugua kwa msasa au brashi ya waya. Kichwa kinang'aa kama sahani mpya, ila ukikikuza kwenye simu unaona mistari mingi myembamba inayoelekea upande mmoja.

Mng'ao peke yake hautoshi kumhukumu mtu. Risasi iliyoachwa wazi hupata utando wa kijivu baada ya muda, na muuzaji mwaminifu anaweza kuipiga brashi ili chaja ishike vizuri. Tofautisha pia mkanda wa kibanio na meno ya klipu ya chaja. Klipu huuma kwa vidonda vidogo viwili vinavyotazamana. Haizunguki.

Hapa betri ya Makambako ilinishangaza. Nilitarajia betri mzee iliyopakwa wanja, nikakuta vichwa vyenye utando wa kijivu wa asili, bila mkanda, bila msasa. Lakini kichwa cha chanya kilikuwa na jozi nne za meno ya klipu, kila jozi mahali pake, na baadhi zimeshafunikwa na ule utando huku moja ikiwa bado inang'aa. Haijawahi kufungwa kwenye gari. Imekaa dukani, ikawa inaishiwa, inachajiwa, inaishiwa, inachajiwa.

Kwa mnunuzi hilo si nafuu sana. Betri ya asidi hupoteza chaji hata ikiwa imekaa tu, na ikiachwa na chaji ndogo kwa miezi, salfeti juu ya bamba hugeuka ngumu na chaja hushindwa kuiyeyusha yote. Ikichajiwa usiku wa jana, leo itamwonesha mteja volti 12.7 na kuwasha gari mbele yake.

Hatua ya 5: Lebo, kwa haraka

Angalia mambo mawili. La kwanza ni kama lebo ni ya asili: herufi ndogo kabisa, zile za onyo la asidi, ziwe na kingo kali. Lebo iliyonakiliwa kwa skana huzitoa zikiwa na ukungu, na rangi hupishana pembeni. Pia pasiwe na kivuli cha gundi ya lebo nyingine kuizunguka.

La pili ni jua. Nyekundu na njano kwa kawaida hupauka kabla ya nyeusi na bluu. Lebo ya N70 ile ilikuwa ya asili kabisa, ila mbele nyekundu ilikuwa imekuwa ya waridi na nyuma ilibaki nyekundu. Betri ilisimama kwenye rafu moja, uso ukitazama mlango, kwa muda unaozidi miezi sita.

Hatua ya 6: Sema unachoweza kusema tu

Nilimwandikia kijana hivi: tarakimu ya mwaka imeguswa, hilo nina hakika nalo. Mwezi haukuguswa. Kasha ni la Septemba 2022 na L ni Desemba, kwa hiyo L2 ndiyo inayokaa vizuri, ingawa picha haziwezi kukataa L3. Haijatumika, imechakaa kwa kukaa. Nani ameigusa, muuzaji huyu au aliyemletea, picha hazisemi, kwa hiyo asiende dukani kugomba.

Afya ya ndani nayo haionekani kwenye picha. Nilimwambia amwombe muuzaji betri nyingine ya aina ile ile, aipige picha vilevile, kisha zote mbili zipimwe kwa mita baada ya kukaa usiku mzima bila chaja.

Akajibu kesho yake: "Fundi, ameleta nyingine kutoka stoo, nayo ni L4." Kijiduara cha chini: 24, mshale kwenye 10. Tarakimu 4 yake ilikuwa nyembamba, imekaa mstari mmoja na L, vinyweleo vimeizunguka hadi ukingoni. Ile ya rafuni ilipima 12.3, ya stoo 12.6. Bei ilikuwa moja, akachukua ya stoo.