Kufuata ankara moja kutoka leja hadi stoo na benki

Chukua shamba la mkonge upande wa Muheza, mkoani Tanga, linalonunua kwa mkopo magunia, saruji na vipuri vya korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Mfano huu ni wa kutunga. Mkaguzi anataka kujua kama ankara zilizolipwa ni za mali iliyoagizwa na ikaingia stoo kweli.

Hatua ya 1: Anza na leja

Mhasibu atakuletea faili nene lililopangwa vizuri. Mshukuru, uliweke pembeni. Ukichagua kutoka humo, unachagua kati ya vile alivyoamua uvione. Omba orodha ya ankara zote za mwaka kutoka leja ya wadai, ujumlishe mwenyewe na ulinganishe na jumla ya leja. Zikipishana, usichague chochote mpaka tofauti ielezwe. Hapa jumla ni shilingi 240,000,000.

Hatua ya 2: Chagua shilingi, usichague karatasi

Ukiokota kila ankara ya kumi, ya shilingi elfu thelathini ina nafasi sawa na ya milioni tisa. Mimi huhesabu kwa shilingi. Nikitaka sampuli 24, nagawa 240,000,000 kwa 24, napata hatua ya 10,000,000. Kisha naiachia kompyuta itaje namba yoyote ya kuanzia iliyo ndani ya hatua hiyo, tuseme 3,700,000. Kama kiasi kiko safu ya C, kwenye safu ya D weka jumla inayokua, uiburute hadi chini:

```
=SUM(C$2:C2)
```

Ankara tano za mwanzo ni 2,100,000, 1,850,000, 6,400,000, 900,000 na 2,596,000. Jumla inayokua inafika 3,950,000 kwenye ya pili, na shilingi ya 3,700,000 imo ndani yake, kwa hiyo ya pili inachaguliwa. Shilingi inayofuata ni ya 13,700,000, nayo inaangukia ya tano, maana hapo jumla ni 13,846,000. Endelea hivyo hadi mwisho. Ankara yoyote ya milioni kumi na kuendelea haiwezi kukuponyoka.

Hatua ya 3: Fuata hati, moja baada ya nyingine

Tuikamate hiyo ya tano: beringi 20 za korona kwa 110,000 kila moja, yaani 2,200,000, na VAT ya asilimia 18 ambayo ni 396,000.

Oda ya ununuzi ina idadi na bei ileile, sahihi ya meneja ipo. Lakini tazama tarehe: ankara ni ya 11 Machi, oda ni ya 14 Machi. Mali iliagizwa kwa mdomo, karatasi ikafuata. Huenda korona ilisimama wakahitaji kipuri haraka, hutokea. Andika, uulize nani aliruhusu.

Kisha nenda stoo kwa miguu yako. Hati ya muuzaji ya kufikisha mzigo inasema 20. Hati ya kupokelea mali iliyoandikwa stoo ilikuwa na 16, ikakatwa kwa wino wa rangi nyingine na kuandikwa 20, bila sahihi pembeni. Hapo fungua kadi ya beringi: siku hiyo zimeingia 16. Kadi ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa kuwa mtunza stoo huitumia kila siku na salio lake linaweza kuhesabiwa rafuni. Kabla ya kumtuhumu mtu, tafuta kama nne zililetwa baadaye, au kama muuzaji alitoa hati ya kupunguza deni. Tuseme hakuna.

Hatua ya 4: Malipo

Vocha peke yake haitoshi. Iangalie taarifa ya benki: kiasi gani kilitoka, kwenda akaunti ya nani? Ilitoka 2,596,000 kamili, kwa muuzaji yuleyule. Risiti ya EFD ihakiki kwenye verify.tra.go.tz. Ankara ambayo haikugongwa mhuri wa kulipwa itafute tena kwenye orodha nzima, kwa maana inaweza kurudi na kulipwa mara ya pili.

Hatua ya 5: Pima uzito wa kosa

Beringi nne pamoja na VAT ni 519,200, sawa na asilimia 20 ya ankara. Ankara hii ilisimama badala ya shilingi milioni kumi, hivyo kadirio la kosa ni asilimia 20 ya hizo: 2,000,000. Wengi huandika laki tano na kufunga jalada. Ankara iliyozidi hatua haikadiriwi hivyo. Kosa lake huchukuliwa kama lilivyo.

Hatua ya 6: Geuza njia

Yote haya hayawezi kukuonyesha ankara ambayo haikuingizwa kwenye leja. Kwa hilo anzia stoo: chukua hati kadhaa za kupokelea mali, hasa za wiki za mwisho wa mwaka, angalia kama namba zake zinafuatana, kisha uitafute kila moja kwenye leja. Mali ikiwepo stoo na deni lisionekane, madeni ya shamba yameandikwa pungufu.