Maneno pacha ya Kiganda: andika sentensi nzima

Kwa Mswahili anayejifunza Kiganda, maneno pacha ni yale yanayofanana na ya Kiswahili ila maana yake ni nyingine: ukiandika "linda = kungoja" peke yake, utasahau. Neno ukiwa nalo tayari kwenu, akili haisiti kuuliza. Hatari zaidi ni pale maana potofu inapokaa vizuri ndani ya sentensi. Mama sokoni Kampala akisema "Ntunda emiyembe", utaelewa kwamba anachuma maembe, na hakuna kitakachokushtua, kumbe anayauza.

Kwa hiyo kwenye daftari lako kila neno lipate mistari mitatu: sentensi kama ulivyoisikia, ulivyodhani, na ilivyo. Kisha ongeza neno ambalo Kiganda chenyewe hutumia kwa ile maana uliyoidhania. Watu wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote.

Nkulinda.
Nilidhani: nakulinda.
Ni: nakungoja.
Kulinda kwao: okukuuma.

Na kuchuma matunda ni okunoga. Neno la pili linachukua nafasi ya lile la kwanza, ndiyo maana kosa halijirudii. Ukijipima, funika mistari ya chini usome sentensi kwa sauti.

Mbinu hii hulegea kwa maneno yanayofanana nusu. Okusoma ni kusoma kweli, ila pia ni kwenda kusali. Hapo andika na mazingira: nani kasema, siku gani. "Ŋŋenda kusoma" ya Jumapili asubuhi huenda ni safari ya kanisani.