Umekatwa NSSF? Hakikisha imefika

Kijana mmoja hapa Kondele, Kisumu, alipata mshahara wake wa kwanza, shilingi 30,000, akaenda moja kwa moja kwa babu yake kunung'unika. "Babu, wamenikata 1,800 ya uzee! Mimi uzee nitautoa wapi saa hizi?"

Mzee akavaa miwani, akaisoma karatasi ya mshahara polepole. "Mjukuu wangu, mimi hununua dawa za presha kila mwezi na hakuna tajiri anayenilipa tena. Nikimwomba baba yako, hiyo ni karo ya wadogo zako. Wewe umetoa asilimia 6, na mwajiri lazima aongeze asilimia 6 yake. Kwa hiyo mwezi huu umewekewa 3,600. Usipokatwa, ile 1,800 ya tajiri haiji mfukoni mwako, inabaki kwake."

Hapo kijana akanyamaza. Lakini mzee hakuishia hapo, na hili ndilo wengi hatulifuatilii: kukatwa si kufikishwa. Mwajiri anatakiwa kupeleka pesa NSSF kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na wapo wanaokata na kukaa nazo. Kila baada ya miezi michache, omba taarifa ya akaunti yako na uilinganishe na karatasi za mshahara, mwezi kwa mwezi. Ukiona pengo, muulize mhasibu kwanza. Akikuzungusha, beba karatasi hizo hadi ofisi ya NSSF, kwa hivyo usizitupe.