Soma mkataba wa mkopo kabla ya kusaini: anza na aina ya riba

Mwezi uliopita shangazi yangu, muuza vitenge, aliniletea mkataba wa mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12. Riba 2% kwa mwezi, rejesho 124,000. Nilimwomba asisaini hadi tuusome pamoja.

1. Dai jedwali la marejesho. Wasipokupa, ondoka.

2. Jua riba inapigwa kwenye nini. Hapa nilipoteza jioni nzima. Kila nikikokotoa 2% napata rejesho la 113,472, nikaamini wamekosea. Hawakukosea, mimi nilikuwa napiga riba kwenye salio linalopungua, wao wanapiga riba ya flati. Kwa flati, kila mwezi unatozwa 2% ya 1,200,000 yote, yaani 24,000, hata ukiwa umebakiza deni dogo. Kwa mwaka ni 288,000. Kwa salio linalopungua ingekuwa kama 161,700.

Kwenye jedwali, tazama safu ya riba. Ikiwa 24,000 tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, ni flati. Lakini safu inayoshuka isikutulize, maana wapo wanaochukua jumla ileile ya flati na kuipanga ishuke. Jumlisha marejesho yote, toa mkopo, ndipo utaiona riba halisi.

Kikokotoo cha simu ya afisa mikopo mimi sikitegemei. Fungua Google Sheets, andika:

```
=RATE(12,-124000,1200000)
```

Jibu ni karibu 3.5% kwa mwezi, yaani kiwango chao kikigeuzwa kuwa riba ya salio linalopungua. Shangazi pia alikuwa anakatwa ada ya 36,000 kabla ya kupewa fedha, kwa hiyo mkononi angepata 1,164,000. Weka kiasi hicho mahali pa 1200000, jibu linapanda hadi 4%. Kiwango hiki ndicho cha kulinganisha na mkopeshaji mwingine, si ile 2% ya ukurasa wa kwanza.

Uliza pia ukimaliza deni mapema utasamehewa riba ya miezi iliyobaki au la. Kwenye flati mara nyingi husamehewi, na jibu la mdomo halitoshi. Lazima kiwe kipengele kwenye mkataba.

3. Soma tarehe za malipo. Zipange zifuate siku unazopata fedha.

4. Adhabu ya kuchelewa ni asilimia ya nini? Mkataba wa shangazi ulisema "5% ya kiasi kinachodaiwa". Ikiwa ni rejesho lililochelewa, ni 6,200. Ikiwa ni deni lote lililobaki, baada ya marejesho matatu ni 1,116,000, na adhabu inakuwa 55,800. Tulirudi ofisini, wakaandika "5% ya rejesho lililochelewa", wakagonga muhuri. Hakikisha pia kama inatozwa mara moja au kila wiki, na kama malipo yako yanakatwa adhabu kwanza. Yakikatwa hivyo, rejesho linalofuata litapungua hata ukilipa siku yake, nawe utatozwa tena.