Kuchagua rezista ya diodi ya zena pale mzigo na volteji vinapobadilika

Tuseme una chanzo kinachopanda na kushuka kati ya volti 10 na 14, na saketi inayohitaji volti 5 hivi. Mkondo wa saketi hiyo, yaani mzigo, hubadilika kutoka sifuri hadi miliampia 20. Tutatumia zena 1N4733A, ya volti 5.1 na wati 1.

Hatua ya 1: anza na hali ya njaa. Hapa volteji ya kuingia iko chini kabisa na mzigo unavuta mkondo wote. Lazima zena nayo ibakiwe na kitu, la sivyo inaacha kushikilia volteji. Mimi huiachia miliampia 5.

```
R = (10 - 5.1) / (0.020 + 0.005) = 196
```

Omu 196 ndio ukomo wa juu. Chukua rezista ya omu 180. Hata ikizidi kwa asilimia 5 itafika 189, bado uko salama.

Hatua ya 2: geuza hali. Sasa chanzo kiko volti 14 na mzigo umechomolewa. Mkondo wote uliokuwa unaelekea kwenye mzigo unaingia kwenye zena. Hapa ndipo zena nyingi huungua, kwa sababu wengi hukagua joto mzigo ukiwa umeunganishwa.

```
I = (14 - 5.1) / 180 = 0.049
P = 5.1 * 0.049 = 0.25
```

Robo wati kwenye zena ya wati 1 ni sawa. Ya nusu wati ingefanya kazi, ila ndani ya kasha lililofungwa nisingeiamini.

Rezista yenyewe inatoa joto la wati 0.44, kwa hiyo weka ya wati 1. Ukitaka ihimili shoti kwenye mzigo, weka ya wati 2, maana volti zote 14 zitaiangukia na joto litapita wati 1.

Hatua ya 3: pima. Chanzo kikiwa volti 10 na mzigo umejaa, pima volteji kati ya ncha mbili za rezista, gawa kwa 180, kisha toa mkondo wa mzigo. Kinachobaki ndicho cha zena. Kikikaribia sifuri, utaona volteji ya kutoka inashuka pamoja na chanzo. Usishangae ukisoma pungufu kidogo ya 5.1, kwani thamani hiyo hupimwa kwenye miliampia 49.

Kuna nyakati rezista inayofaa haipo kabisa. Chanzo kingeshuka hadi volti 6, hatua ya 1 ingedai omu 36. Kikirudi 14 bila mzigo, zena ingebeba karibu miliampia 247, yaani wati 1.26, na ingeungua. Hapo ongeza transista ibebe mkondo wa mzigo, au tumia IC ya kudhibiti volteji inayoridhika na tofauti ndogo kati ya kuingia na kutoka.